Tofauti ya bei ya malighafi: uiandike siku ya kununua au siku ya kutoa stoo?

Ankara ya msambazaji inasema shilingi 3,350 kwa kilo. Kadi ya gharama ya kiwango, yaani bei mliyoipanga mapema, inasema 3,200. Hiyo 150 iliyozidi lazima iingie kwenye vitabu, hilo halina mjadala. Kinachojadiliwa ni lini iingie. Unaweza kuitenga siku ile ile mzigo unapopokelewa, au ukaiacha ikae ndani ya thamani ya stoo mpaka malighafi itoke kwenda kwa mafundi. Njia zote mbili zinafundishwa na zote zinafunga hesabu bila senti kupotea. Tofauti yake ni habari wanazokupa katikati ya mwaka, na kazi wanayokuachia mwisho wa mwaka.

Tuchukue kiwanda kidogo cha ndoo Vingunguti, cha mfano tu. Kinanunua punje za plastiki kwa mifuko ya kilo 25 kutoka kwa muagizaji mwenye ghala Barabara ya Nyerere. Ndoo moja ya lita 20 kwa kiwango inakula kilo 0.8 kwa bei ya kiwango ya shilingi 3,200 kwa kilo, yaani malighafi ya shilingi 2,560 kwa kila ndoo. Mwezi Mei kiwanda kilianza na stoo tupu. Kikanunua mifuko 400, yaani kilo 10,000, kwa 3,350. Stoo ikatoa kilo 6,600, na mafundi wakatoa ndoo 8,000 nzima. Kwa kiwango, ndoo 8,000 zilipaswa kula kilo 6,400, kwa hiyo kuna kilo 200 zilizozidi.

Haya ndiyo maingizo ya jarida kwa njia zote mbili, ubavu kwa ubavu:

| Mei (shilingi) | Kutenga wakati wa kununua | Kutenga wakati wa kutoa |
|---|---|---|
| Kununua kilo 10,000 | | |
| Debiti Malighafi | 32,000,000 | 33,500,000 |
| Debiti Tofauti ya bei | 1,500,000 | – |
| Krediti Wadai | 33,500,000 | 33,500,000 |
| Kutoa kilo 6,600 | | |
| Debiti Kazi inayoendelea | 20,480,000 | 20,480,000 |
| Debiti Tofauti ya matumizi | 640,000 | 640,000 |
| Debiti Tofauti ya bei | – | 990,000 |
| Krediti Malighafi | 21,120,000 | 22,110,000 |
| Salio la stoo, kilo 3,400 | 10,880,000 | 11,390,000 |

Anza na yasiyobadilika. Kazi inayoendelea inapokea 20,480,000 kwa njia zote mbili, kwa sababu inapokea kiasi cha kiwango kwa bei ya kiwango: kilo 6,400 mara 3,200. Tofauti ya matumizi nayo haibadiliki: kilo 200 mara 3,200, yaani 640,000. Hapa wengi huteleza wanapotumia njia ya kutoa. Wanaona stoo imekreditiwa kwa bei halisi ya 3,350, basi nao wanazidisha zile kilo 200 kwa 3,350 na kupata 670,000. Ile 30,000 ya ziada ni ya bei, haimhusu msimamizi wa mashine. Yeye alipoteza plastiki, lakini bei hakupanga yeye. Ukimbebesha, mwezi bei ikishuka atasifiwa kwa jambo ambalo hakulifanya. Kwa hiyo matumizi hupimwa kwa bei ya kiwango siku zote, na kila kinachohusu bei kiende kwenye tofauti ya bei.

Kinachobadilika ni tofauti ya bei, na thamani ya stoo inayoifuata. Njia ya kununua imetambua tofauti ya bei kwa kilo zote 10,000, yaani 1,500,000. Njia ya kutoa imetambua kwa kilo 6,600 zilizotumika, yaani 990,000. Hiyo 510,000 iliyobaki haikupotea. Imejificha ndani ya stoo, kwenye kilo 3,400 mara 150, na ndiyo maana masalio mawili ya stoo yanapishana kwa 510,000 kamili. Ukitaka kujua kama maingizo yako yako sawa, pima hapo: tofauti ya masalio ya stoo lazima ilingane na tofauti ya bei ambayo bado haijatambuliwa. Isipolingana, kuna kilo iliyoandikwa kwa bei isiyo yake.

Kwa mwezi mmoja, basi, ugomvi wenyewe ni mdogo. Mwezi wa pili ndio unaonyesha njia hizi zimeachana kiasi gani.

Juni ofisa manunuzi alibembeleza bei vizuri. Alinunua kilo 5,000 kwa 3,050, yaani 150 chini ya kiwango. Stoo ikatoa kilo 7,000, na ndoo 8,700 zikatoka. Kiwango cha ndoo hizo ni kilo 6,960, kwa hiyo tofauti ya matumizi ni kilo 40 mara 3,200, yaani 128,000 mbaya. Matumizi tuyaache hapo, tuangalie bei.

Kwa njia ya kununua jibu ni jepesi. Debiti Malighafi 16,000,000, krediti Wadai 15,250,000, krediti Tofauti ya bei 750,000. Tofauti ni nzuri, na bosi anaiona wiki ile ile mzigo ulipoingia.

Kwa njia ya kutoa, kabla hujaandika lolote lazima ujibu swali lingine kwanza: hizi kilo 7,000 zilizotoka ni za mzigo upi? Ukifuata utaratibu wa iliyoingia kwanza itoke kwanza, kilo 3,400 ni za Mei, kila moja ikiwa juu ya kiwango kwa 150, jumla 510,000 mbaya. Kilo 3,600 zilizobaki ni za Juni, kila moja chini ya kiwango kwa 150, jumla 540,000 nzuri. Ukizikutanisha, tofauti ya bei ya Juni inakuwa 30,000 nzuri. Ukifuata wastani unaotembea, stoo ina kilo 8,400 zenye thamani ya 26,640,000, sawa na takriban 3,171.43 kwa kilo. Kilo 7,000 zinatoa tofauti ya 200,000 nzuri.

| Tofauti ya bei ya Juni | Shilingi | Salio la kilo 1,400 |
|---|---|---|
| Kutenga wakati wa kununua | 750,000 nzuri | 4,480,000 |
| Kutenga wakati wa kutoa, iliyoingia kwanza itoke kwanza | 30,000 nzuri | 4,270,000 |
| Kutenga wakati wa kutoa, wastani unaotembea | 200,000 nzuri | 4,440,000 |

Mwezi ni ule ule, plastiki ni ile ile, na ofisa manunuzi ni yule yule, lakini majibu ni matatu. Fikiria anavyoingia kwenye kikao cha Jumatatu. "Bosi, mwezi huu nimeokoa zaidi ya laki saba." Bosi anafungua ripoti iliyotengenezwa kwa njia ya kutoa na kukuta elfu thelathini. Hakuna anayedanganya. Ripoti imechanganya ununuzi wa Mei na wa Juni katika namba moja, na namba hiyo haimjibu mtu yeyote aliyeuliza swali la maana. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za njia ya kununua: tofauti ya bei inamfikia aliyesababisha, wakati bado anakumbuka alizungumza na nani na kwa masharti gani. Ukisubiri mpaka malighafi itumike, kwa bidhaa zinazokaa stoo miezi mitatu unampelekea hasira za zamani.

Faida ya pili ya njia ya kununua iko kwa mtunza stoo. Kadi zake zinaweza kubeba kilo peke yake, bila bei. Kwa kuwa kila kilo ndani ya stoo ina thamani moja, 3,200, mhasibu akitaka thamani anazidisha tu, na akihesabu stoo na kukuta pungufu ya kilo 60 anajua papo hapo ni 192,000. Kwa njia ya kutoa inabidi leja ya stoo ibebe kila mzigo na bei yake, au ipige wastani upya kila gari linapoingia. Kwa mikono, kazi hiyo ndiyo inayofanya vitabu vichelewe kufungwa.

Hata hivyo njia ya kununua ina mitego yake, na miwili ni ya kawaida sana hapa mjini.

Wa kwanza ni kodi ya ongezeko la thamani. Ankara ya Mei yenye asilimia 18 inasomeka 39,530,000. Kiwanda kilichosajiliwa kinairudisha ile 6,030,000, kwa hiyo inakwenda kwenye akaunti yake ya kodi na haigusi malighafi wala tofauti. Karani akigawa jumla ya ankara kwa kilo 10,000 anapata bei ya 3,953 na tofauti ya 7,530,000 badala ya 1,500,000. Dalili yake ni rahisi kuitambua: tofauti ya bei inayoruka ghafla, na ukiigawa bei ya kilo kwa 1.18 unarudi kwenye bei mliyokubaliana. Kiwanda ambacho hakijasajiliwa ni jambo jingine. Kodi ambayo hairudi ni sehemu ya gharama ya kununua, na bei ya kiwango nayo ijengwe ikiwa nayo ndani.

Wa pili unawapata wanaoagiza wenyewe kupitia bandarini. Bei ya kiwango ya 3,200 kwa kawaida imebeba kila kitu mpaka mlango wa stoo: bei ya muuzaji, nauli ya meli, ushuru wa forodha, wakala wa kutoa mizigo, gari la kutoka bandarini. Lakini ankara haziji pamoja. Ya muuzaji inatangulia, ya wakala inafuata baada ya wiki kadhaa. Ukitenga tofauti kwa kulinganisha 3,200 na ankara ya muuzaji peke yake, mwezi wa kwanza utashangilia tofauti nzuri kubwa, na mwezi wa pili ankara ya wakala itaifuta yote na pengine kuzidi. Dawa ni akaunti ya kati. Mzigo ukipokelewa, debiti Malighafi kwa bei ya kiwango na krediti akaunti ya Mizigo iliyopokelewa bila ankara. Kila ankara inayokuja inadebitiwa kwenye akaunti hiyo. Ikifika ya mwisho, salio linalobaki ndilo tofauti ya bei ya shehena nzima, na hapo ndipo unalihamisha. Ukifunga mwezi kabla ankara zote hazijafika, kadiria zilizobaki, maana salio lisilokadiriwa litaonekana kama faida ambayo haipo.

Kwenye upande wa kutoa kuna jambo linalohusu njia zote mbili, nalo ni namna ya kuitambua tofauti ya matumizi mapema. Jedwali la Mei limeiandika kwa ingizo moja, lakini kilo 6,600 hazikutoka kwa mara moja. Utaratibu mzuri ni huu: oda ya uzalishaji wa ndoo 8,000 inatoka na hati ya kilo 6,400, na stoo inatoa hizo tu. Fundi akiishiwa kabla ya kumaliza, anaandika hati ya nyongeza ya rangi nyingine, yenye sababu na saini ya msimamizi. Hati ya kawaida inadebiti Kazi inayoendelea. Hati ya nyongeza inadebiti Tofauti ya matumizi moja kwa moja, 640,000 kwa zile kilo 200, na inakrediti Malighafi. Kwa hiyo tofauti inaonekana siku mfuko wa ziada unapotoka, na sababu imeandikwa: kalibu lilivuja, umeme ulikatika plastiki ikaganda ndani ya mashine, au punje zilikuwa na unyevu. Punje zikibaki, hati ya kurudisha inakrediti tofauti hiyo hiyo.

Utaratibu huu una kikomo chake. Hati imepangwa kwa ndoo 8,000 zilizotarajiwa. Zikitoka nzima 7,900 tu, kiwango halali ni kilo 6,320, na tofauti ya kweli ni kilo 280, yaani 896,000. Hati za nyongeza zimeona kilo 200. Kilo 80 zilizobaki, sawa na 256,000, lazima zitolewe Kazi inayoendelea mwishoni mwa oda. Na kwenye ndoo kuna ujanja mwingine wa kuangalia. Ndoo mbovu husagwa na kurudishwa kwenye mashine. Msago huo ukitumika bila karatasi, mafundi wanachukua punje mpya kidogo na ripoti inatoa tofauti nzuri ya matumizi ambayo hakuna aliyeifanyia kazi. Ukiona ndoo zilizokataliwa zimeongezeka na wakati huo huo matumizi yameboreka, nenda katazame pipa la msago.

Tuje kwenye mwisho wa mwaka, kwa sababu hapo njia ya kutoa inapumzika na njia ya kununua inadaiwa. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 kinaruhusu kuthamini stoo kwa gharama za kiwango kwa ajili ya urahisi, ili mradi matokeo yanakaribiana na gharama halisi na viwango vinapitiwa mara kwa mara. Hakikuruhusu kuweka kwenye mizania bei uliyoitamani mwaka jana. Kwa hiyo mkaguzi atauliza: zile kilo 1,400 zilizobaki tarehe 30 Juni kwa 3,200, gharama yake halisi ni ngapi?

Hapa watu wengi hukosea mwelekeo. Kwa miezi miwili akaunti ya Tofauti ya bei ina 1,500,000 mbaya na 750,000 nzuri, kwa hiyo salio ni 750,000 mbaya. Akili inakuambia stoo imeandikwa chini ya gharama na inapaswa kuongezwa. Lakini kama sera ya kiwanda ni iliyoingia kwanza itoke kwanza, kilo zilizobaki ni za Juni, zilizonunuliwa kwa 3,050. Stoo imeandikwa juu, si chini. Ingizo sahihi ni debiti Tofauti ya bei 210,000 na krediti Malighafi 210,000, stoo ishuke kutoka 4,480,000 hadi 4,270,000. Tofauti mbaya inapanda kufikia 960,000, na ukijumlisha njia ya kutoa, 990,000 ya Mei ukitoa 30,000 ya Juni, unapata 960,000 hiyo hiyo.

Kama sera ni wastani wa kipindi kizima, mambo yanageuka. Kilo 15,000 ziligharimu 48,750,000, yaani 3,250 kwa kilo, na stoo inaongezwa 70,000 ifike 4,550,000. Kwa hiyo kabla ya kugawa salio la tofauti kwa uwiano wa kilo, soma sera ya uhasibu ya kampuni inasema nini. Nimeuchukulia mfano huu kana kwamba ndoo zote zimeuzwa. Zikibaki ndoo ghalani au kazi nusu kwenye mashine, nazo zinabeba sehemu yake ya tofauti ya bei. Tofauti ya matumizi iliyotokana na upotevu usio wa kawaida haiingizwi kwenye stoo hata kidogo. Inakwenda moja kwa moja kwenye gharama za kipindi.

Nani achague ipi, basi? Kiwanda chenye mtu anayewajibika kwa manunuzi, kinachonunua mizigo mikubwa na kukaa nayo, kichukue njia ya kununua, na kikubali marekebisho ya mwisho wa mwaka kama bei ya kupata taarifa mapema. Karakana inayonunua Jumatatu na kumaliza Ijumaa haitaona tofauti kati ya njia hizi, kwa sababu stoo yake karibu ni sifuri. Ifuate ile inayoendana na mfumo wake. Na kama bei ya malighafi inayumba na dola kiasi kwamba kiwango kinachakaa ndani ya miezi michache, njia ya kutoa inaiacha mizania karibu na ukweli, ila bado ningependelea kupitia kiwango upya kila robo mwaka kuliko kuficha habari ya bei ndani ya stoo.

Mara nyingine mfumo wa kompyuta umeshakuchagulia. Kwenye SAP, malighafi iliyowekwa alama ya bei `S` inashikiliwa kwa bei ya kiwango, na tofauti inatengwa yenyewe mzigo unapopokelewa; yenye alama `V` inatembea na wastani, na tofauti ya bei dhidi ya kiwango utaitafuta wewe. Ukihamia kwenye mfumo mpya, angalia mpangilio huo kabla ya kuingiza masalio ya mwanzo. Ukiingiza kilo 1,400 kwa bei halisi kwenye malighafi ya `S`, mfumo utazithamini kwa kiwango na kutema tofauti siku ya kwanza kabisa, na mwezi huo ofisa manunuzi atajibu swali la mzigo ambao hakuununua.